Soma, Tenda, Tumikia: Wimbo wa Shule Hutungiwa Uwanjani

Wimbo wa shule ukiusoma kwenye karatasi utauona mzuri karibu kila mara. Vina vimekaa, mizani imetimia, maneno ya heshima yamejaa. Halafu Jumatatu asubuhi watoto mia sita wanasimama mstarini, bendera inapanda, kiranja anaanzisha, na unachosikia ni mngurumo kama wa lori linalopanda mlima. Neno moja moja linajitokeza, "elimu" hapa, "taifa" pale, mengine yote yamemezwa na vumbi la uwanja.

Miaka yangu mingi nimeipitisha kwenye kwaya, na kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi, kwa hiyo mwalimu mkuu wa shule moja ya hapa Tanga, upande wa Ngamiani, aliniita nimsaidie. Walikuwa na wimbo tayari. Kamati ya shule iliutunga, ukachapwa, ukabandikwa ofisini. Shida ni kwamba watoto hawakuuimba, na walipouimba haukusikika. "Mwalimu, sijui tatizo ni watoto au ni wimbo," aliniambia. Nikamwomba anipe karatasi kwanza, watoto baadaye.

Kaulimbiu yao ilikuwa hii: Elimu Bora kwa Maendeleo Endelevu. Sina ugomvi na maana yake. Lakini ihesabu: e-li-mu-bo-ra-kwa-ma-e-nde-le-o-e-nde-le-vu. Silabi kumi na tano, na katikati irabu mbili zimegongana, "maendeleo endelevu", mahali ambapo mtoto wa darasa la pili hajui avute pumzi au ameze. Kaulimbiu ya namna hii imezaliwa kwenye ripoti ya mradi na inafaa ibaki huko. Ya kuimbwa inatakiwa ikae kwenye nusu ya mshororo wa shairi, yaani mizani nane, na iwe na maneno ambayo mtoto anaweza kuyafanya leo hii. Endelevu hafanyi mtu.

Tulikaa chini ya mwarobaini na walimu watatu, mmoja wao wa Kiswahili, mama mmoja mkali wa vina ambaye kila mtu shuleni humwita Bibi Mizani hata mbele yake. Walimu walitaja mambo ambayo wangependa mtoto aondoke nayo darasa la saba. Orodha ilikuwa ndefu kuliko sala ya Ijumaa. Bibi Mizani ndiye aliyeikata: "Asome. Afanye. Awafae watu. Basi." Tukaigeuza kuwa Soma, Tenda, Tumikia. So-ma-te-nda-tu-mi-ki-a. Nane kamili.

Hapo ndipo niwaeleze jambo ambalo watunzi wengi wa nyimbo za shule hulipita, hata wale wanaojua ushairi vizuri. Shairi letu la kawaida linahesabu mizani, nane kwa nane, na halijali mkazo wa neno umeangukia wapi. Msomaji akilisoma au akilighani kwa sauti ya taratibu, anaufuata mkazo mwenyewe, sauti yake inajinyoosha na kujikunja kulingana na neno. Tanga tumelelewa na hilo. Shaaban Robert amezaliwa Vibambani mwaka 1909 na amezikwa Machui, na kwenye taarabu ya mji huu, tangu enzi za Black Star na Lucky Star, mwimbaji akilivuta neno watu hutega sikio kungoja linatua wapi. Lakini huyo ni mwimbaji mmoja. Watoto mia sita wenye ngoma hawawezi kunyoosha wala kukunja. Wanakwenda kwa mguu: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Pigo zito linaanguka kwenye silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, liwe limeandaliwa au halijaandaliwa.

Na mkazo wa Kiswahili, karibu kila neno, uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo maneno ya silabi mbili yakianzia mahali panapofaa yanakaa yenyewe: SO-ma, TE-nda. Ya silabi nne nayo yanakaa: tu-mi-KI-a, mkazo kwenye "ki", ambayo ni silabi ya saba ya mshororo wetu. Pigo na mkazo vimekutana pote. Ndiyo maana kaulimbiu ile, hata ukiisema bila tuni yoyote, mguu unataka kutembea.

Maneno ya silabi tatu ndiyo yanayoleta tabu. Wimbo wa kamati ulikuwa na mshororo unaoanza "Walimu wanatufunza". Mizani ni nane, hakuna wa kuukataa. Lakini mkazo wa "walimu" uko kwenye "li", silabi ya pili, na ngoma imeshapiga kwenye "wa". Watoto wakaimba WA-li-MU, neno lisilokuwapo duniani. Na ukiwasikiliza kwa mbali unadhani wanaimba kitu kingine kabisa. Dawa ilikuwa ndogo mno: weka kiunganishi mbele na ufupishe kitenzi. "Na walimu watufunza". Mizani bado nane, ila "li" imesogea ikawa ya tatu, ikakutana na pigo. Bibi Mizani aliisema kimoyomoyo mara kadhaa huku akigonga meza kwa kalamu, kisha akacheka peke yake.

Kuna na jambo la silabi ambazo hazina irabu. Mshororo mwingine wa kamati ulimalizia kwa "kuijenga nchi yetu", na kwa kanuni niliyoieleza mpaka sasa mshororo huo hauna kasoro: ku-i-JE-nga-N-chi-YE-tu. Mkazo wa "nchi" uko kwenye "n", na "n" iko kwenye pigo la tano. Kila kitu sawa, isipokuwa hakuna mtu anayeweza kupaza sauti kwa "n". Ulimi umeziba mdomo, sauti inatokea puani, na uwanja mzima unavuma kama mzinga wa nyuki kwa pigo moja zima kabla ya "chi" kutokea. Mshororo uliokuwa na "Mstarini" mwanzoni ulikuwa na ugonjwa huohuo, tena mbaya zaidi, kwa sababu silabi ya kwanza ya wimbo ndiyo inayowakusanya watoto. Ukianza na "m" hakuna anayejua kama wimbo umeanza. Maneno kama mtoto na mpira yatumieni, lakini ile "m" iangukie kwenye pigo jepesi.

Baada ya kuondoa hayo, ubeti wa kwanza ukawa hivi. Sehemu kubwa ni ya walimu wenyewe, mimi nilikuwa nahamisha samani tu:

Jua linapochomoza, juu ya bahari yetu,
Twajipanga na kuanza, kazi mikononi mwetu,
Na walimu watufunza, wakikuza ndoto zetu,
Ndipo sote twatangaza, lile neno, wimbo wetu:

Mwenye kushika vina kikamilifu atasema "-za" na "-nza" si kina kimoja, na ana haki. Bibi Mizani alilalamika siku mbili. Kwenye uwanja haisikiki, nikamwambia, na mtoto haimbi kina, anaimba irabu. Akakubali kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe popote kama mtunzi.

Kibwagizo kikaja haraka kuliko ubeti, kwa kuwa kaulimbiu ilikuwa imeshafanya nusu ya kazi:

Soma, tenda, tumikia,
ndilo neno letu sote;
soma, tenda, tumikia
Tanga yetu, pwani yote.

Angalia kwamba kaulimbiu inatokea mara mbili na haifanyi kazi moja. Mara ya kwanza inasimama yenyewe, mara ya pili inapata wa kutumikiwa. Nililipenda sana hilo. Nyimbo nyingi za shule hurudia kaulimbiu kama muhuri wa ofisi, pa, pa, pa, na kufikia mara ya nne hakuna anayeisikia tena.

Tuni ilitafutwa baadaye, na hapa nilikuwa na mipaka miwili kichwani. Wa kwanza ni sauti ya mtoto. Kundi la watoto wa shule ya msingi, mkubwa na mdogo, wenye kujua kuimba na wasiojua, wanakutana kwa raha kwenye eneo dogo, takriban kutoka Re iliyo karibu na Do ya katikati ya kinanda hadi Si iliyo juu yake. Ukiwapeleka juu ya hapo wanapiga kelele, ukiwashusha chini wananguruma. Wa pili ni irabu. Noti ya juu kabisa inataka mdomo uliofunguka, "a" au "o" au hata "e". Kwenye "i" na "u" mtoto anabana koo, na sauti inatoka kama filimbi iliyoingia mchanga.

Rasimu ya kwanza ya tuni, aliyoileta kijana mmoja mwalimu wa hisabati anayepiga kinanda kanisani, ilikuwa tamu sana na ilipanda kileleni kwenye "-ki-" ya tumikia. Ukiwaza kwa maana, ni sahihi: neno kubwa, noti kubwa. Ukiwaza kwa koo la mtoto, umempandisha kwenye ngazi nyembamba kuliko zote. Tukaacha mistari mitatu itembee katikati, tukakihamishia kilele mwanzo wa mstari wa nne, kwenye "Tanga", ambako kuna "a" mbili zilizofuatana. Kwa wanaosoma solfa, do ikiwa Re ya kinanda, kibwagizo kikawa hivi:

s m s m, f m r r
m f s s, f m r d
s m s m, f m f s
l l s m, f r d d

Noti moja kwa kila silabi, hakuna kuvuta silabi moja kwenye noti tatu. Ile s m s m ya mwanzo ni mwendo wa watoto wanavyoitana mitaani wakati wa kucheza kombolela, kwa hiyo hawakufundishwa, waliitambua tu. Mstari wa tatu unamalizia juu, kwenye s, na ile l ya "Tanga" iko hatua moja mbele yake. Hata asiyejua kuimba anaifikia kwa kusukumwa na wenzake. Chukua kipande hicho ukakijaribu nyumbani na watoto wako, utaona.

Ilipofika siku ya kufundisha, mwalimu wa hisabati alisimama mbele akaimba kwa sauti yake nzito, na watoto wa mistari ya mbele wakajaribu kumfuata huko chini alikokuwa. Vifua vya watoto wa miaka saba vikawa vinatafuta sauti ya mwanamume. Hili hutokea kila mahali, na walimu husema watoto hawajui kuimba. Wanajua, ila wanaiga walichosikia. Tukamtoa msichana mmoja wa darasa la tano mwenye sauti ya wazi, akaimba yeye, na uwanja ukapanda mahali pake papo hapo. Tangu siku hiyo walimu wa kiume hawaanzishi wimbo. Kiranja anapewa noti ya kuanzia kutoka kwenye simu ya mwalimu wa zamu, kwa sababu asubuhi, koo likiwa bado na usingizi, kila mtu huanzia chini ya panapotakiwa, na wimbo ukianzia chini, ile "yote" ya mwisho inazama ardhini.

Kisha tukakutana na uwanja wenyewe. Mistari inaanza kwenye nguzo ya bendera na kuishia ukutani, kama mita arobaini. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Inaonekana ni kasi kubwa, lakini piga hesabu: aliye ukutani anaipata ngoma iliyo mbele ikiwa imechelewa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Yeye anaimba alivyosikia, na sauti yake inarudi mbele ikiwa imechelewa tena kiasi hichohicho. Walio mbele wanasikia wenzao wako nyuma, wanapunguza mwendo kuwangoja, walio nyuma wanapunguza zaidi. Wimbo ulioanza kama mchakamchaka unamalizika kama maziko. Mwalimu mkuu alikuwa anadhani ni uvivu wa darasa la sita na la saba, maana ndio wanaosimama nyuma, na walikuwa wameshaadhibiwa kwa hilo. Maskini.

Tulifanya mambo mawili. Ngoma kubwa ikahama kutoka chini ya bendera ikawekwa katikati ya uwanja, kwenye njia baina ya darasa la nne na la tano, hivyo hakuna mtoto aliye mbali nayo zaidi ya nusu ya umbali ule wa mwanzo. Na tukauweka mwendo kwenye mapigo 96 kwa dakika, silabi moja kwa pigo. Kwa mwendo huo kati ya silabi na silabi kuna zaidi ya nusu sekunde, na ule uchelewaji mdogo unaobaki unafichika ndani yake. Wimbo wa zamani ulikuwa unabana silabi mbili kwenye pigo moja kwenye kila mshororo, ndiyo maana maneno yalipandana. Kwa bahati nzuri hesabu ikatoka safi pia: ubeti una silabi 64, kibwagizo 32, jumla 96, yaani dakika moja kamili. Mwalimu wa zamu anayetazama saa kwa sababu ya kipindi cha kwanza hana la kusema. Silabi ya mwisho ya kila nusu mshororo inakatwa fupi kidogo ili watu wapumue.

Utajuaje kama watoto wako pamoja? Usisikilize maneno, sikiliza "s". Kibwagizo hiki kimejaa: soma, sote, soma. Simama kando, fumba macho. Wakiwa pamoja, "s" inapita mara moja, kali na fupi. Wakiwa wameachana, inakuwa mchirizo mrefu kama mvua inayokuja juu ya bati. Irabu zinaficha makosa, "s" haifichi. Wakati wa kusi upepo unapotoka upande wa ukuta, mchirizo hurudi hata kwa watoto waliozoea, na hapo mpiga ngoma inabidi apige kwa nguvu zaidi bila kuongeza mwendo, jambo ambalo mvulana wa miaka kumi na mbili huliona gumu kuliko hesabu za sehemu.

Nitie neno juu ya huo mguu wa kijeshi, kwa sababu kuna mzazi aliuliza kwa nini wimbo wa watoto uende kama gwaride. Mji huu una historia yake. Shule ya serikali ambayo Wajerumani waliifungua hapa Tanga miaka ya 1890 ilikuwa na bendi yake ya wanafunzi ya matarumbeta, na baadaye pwani yote ilicheza beni, vyama vya Marini na Arinoti vikishindana kwa sare na ngoma za gwaride. Kwa hiyo mguu ule tuliuchukua zamani tukaufanya wetu, tukauchezea hata harusini. Binafsi ningependa siku moja nisikie wimbo wa shule wenye mwendo wa kidumbaki. Lakini mwendo huo na watoto mia sita kwenye mita arobaini, nani atauanza?

Beti zote kwa jumla ni tatu. Kila siku unaimbwa wa kwanza na kibwagizo, zote tatu ni za mahafali. Ubeti wa pili ndio uliochelewa kukamilika. Mjumbe mmoja wa kamati alitaka jina la mfadhili aliyechimba kisima liingizwe, tena lote, pamoja na cheo chake. Bibi Mizani akalihesabu kwa vidole mbele ya kikao, likafika mizani kumi na tatu, na mkazo haukukubali kukaa popote. Mjumbe akasema litafupishwa. Mwalimu mkuu akasema mfadhili akihama chama itakuwaje. Mwishowe jina limepakwa rangi ya bluu kwenye tangi la maji, kwa herufi kubwa, na ubeti wa pili unazungumzia mkonge.